Kofia Ilimnyima Binamu Yangu Mia Nane

Wasee, leo nataka kutubu. Mashindano ya kwanza ya Fifa niliyopanga pale Kangemi, kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko, niliyaharibu mimi mwenyewe, na niliyaharibu kabla hata mtu hajashika padi.

Tulikuwa watu 16. Kiingilio mia mbili, kwa hivyo mezani kulikuwa na 3,200. Mshindi anachukua 2,000, wa pili 800, na 400 ni ya mwenye kibanda juu stima si ya bure. Mtoano, ukipigwa mara moja umeenda. Nikaandika majina kwa vikaratasi, nikatia kwa kofia, nikachomoa viwili viwili. Haki kabisa, ama?

Karatasi mbili za kwanza zilikuwa binamu yangu na jamaa mmoja wa Uthiru. Kila mtu pale ndani alijua hao ndio wawili wakali zaidi. Kibanda kikalipuka. Mechi ikaisha 3-3, wakaenda penalti, binamu akapoteza. Saa nne asubuhi! Nusu ya watazamaji wakatoka wakaenda kutafuta chapo, hawakurudi. Fainali yule wa Uthiru alimpiga kijana fulani 6-0, na huyo kijana akaenda nyumbani na mia nane ya mtu wa pili. Binamu yangu alikuwa ameshaipangia hiyo mia nane. Aliniambia tu, "Umempatia mtoto pesa yangu," na tukakaa wiki mbili bila kuongea, na tunalala chumba kimoja.

Mimi nilijitetea nikisema ni bahati mbaya. Kisha nikakaa chini nikapiga hesabu, ile hesabu ya uwezekano niliyokuwa naikwepa chuo kabla niache kabisa mwaka wa pili, na haikuwa bahati mbaya sana. Iko hivi. Mweke namba moja mahali popote kwenye ratiba. Zimebaki nafasi 15. Saba ziko upande wake, na nane ziko upande wa pili. Namba mbili akiangukia upande wa namba moja, lazima wakutane kabla ya fainali na mmoja atoke. Kwa hivyo kofia inampa mtu wa pili kwa ubora nafasi 8 kati ya 15 za kufika fainali, hata akipiga wengine wote. Hiyo ni karibu sawa na kurusha sarafu.

Na kumbe malalamiko haya ni ya zamani. Mwaka wa 1883, Charles Dodgson, mwanahesabu wa Oxford, yule aliyeandika hadithi ya Alice kwa jina la Lewis Carroll, alitoa kijitabu kizima kulalamikia zawadi za tenisi. Yeye alitumia wachezaji 32 na akapata 16 kati ya 31. Wimbledon wenyewe walianza kupanga wakali kwa ubora wao mwaka wa 1927. Miaka 44 baadaye! Kwa hivyo mimi sijachelewa sana.

Mara ya pili nilijipanga. Wiki sita, kila Jumatano jioni, wasee walicheza ligi ndogo na nikaandika kwa daftari: kushinda alama tatu, sare moja. Mwisho nikawa na orodha ya 1 hadi 16. Wa Uthiru namba 1, binamu namba 2.

Halafu ratiba. Kuna njia rahisi ya kuikagua: raundi ya kwanza, namba za wawili wanaocheza lazima zijumlike 17. Namba 1 anacheza na 16, 2 na 15, 8 na 9. Wakubwa wote wakishinda, robo fainali zinajumlika 9, yaani 1 na 8, 4 na 5. Nusu fainali zinajumlika 5. Fainali ni 1 na 2. Ukianza kujaza, weka namba 1 juu kabisa na namba 2 chini kabisa, kisha 4 upande wa namba 1 na 3 upande wa namba 2, halafu endelea kushuka hivyo hivyo. Jumla ikikataa mahali, umekosea hapo.

Nilibandika ratiba ukutani nikijiona professa. Lakini siku kadhaa mapema nilikuwa nimeshawaonyesha vile itakaa, na hapo ndipo wajanja waliniingilia. Jumatano ya mwisho, jamaa aliyekuwa namba 5 alicheza kama amelala. Mabeki wake walikuwa wanazurura katikati ya uwanja, alijifunga bao mbili, na alikuwa anacheka. Mtu aliyekuwa na alama nyingi hivyo hachezi hivyo. Nikaangalia daftari nikaelewa. Namba 5 yuko upande wa namba 1, angekutana na wa Uthiru nusu fainali. Namba 6 yuko upande wa pili. Akishuka hatua moja tu, anamkwepa mkali hadi fainali, na njiani anakutana na binamu yangu, ambaye alishawahi kumpiga. Kupoteza kulikuwa kunamlipa.

Dawa nilipewa na beshte yangu aliyewahi kuokota mipira kwenye mashindano ya tenisi pale Nairobi Club. Aliniambia kwa tenisi, ni namba 1 na 2 tu wenye viti vyao. Namba 3 na 4 wanapigiwa kura nani aende upande gani. Namba 5 hadi 8 nao wanapigiwa kura, mmoja kwa kila robo ya ratiba. Sisi tulifanya hivyo, na 9 hadi 16 wakarudi kwa kofia yangu ile ile. Wanane wa juu bado hawawezi kukutana kabla ya robo fainali, wanne wa juu hawawezi kabla ya nusu. Lakini sasa kuwa 5 ama 6 ni kitu kimoja, hivyo hakuna sababu ya kujifunga. Jamaa alitupa jicho baya, akarudi kucheza vizuri. Binamu alifika fainali. Alipigwa tena na wa Uthiru, 2-1, lakini alichukua mia nane yake.

Ya tatu tulipeleka tao, ghorofa ya pili, viyoo vibovu lakini skrini kubwa. Walikuja 13. Ratiba ni ya 16, kwa hivyo watu watatu wanapita raundi ya kwanza bila kucheza, na hao wanapaswa kuwa namba 1, 2 na 3. Usiwape kwa kofia, ama utampeleka mtu dhaifu robo fainali bila kutoa jasho.

Shida ni kwamba mmoja wa hao 13 hakuwa kwa daftari langu. Mgeni kutoka Eastleigh, mpole, amebeba padi yake mwenyewe kwa mfuko. Sikuwa na alama zake, nikamweka wa mwisho. Kofia ikamweka karibu na binamu yangu, wakakutana robo fainali.

4-0.

Daftari linajua tu waliokuja Jumatano. Mtu ambaye hujawahi kumwona anaingia kama mnyonge, na anayelipia ni yule mkali aliyepangwa karibu naye. Sasa nimeweka sharti: ukitaka kucheza tao, cheza Jumatano mbili kwanza. Kuna wanaosema nawafungia wageni mlango, na sijui niwajibu nini, juu mgeni mwenyewe aliondoka na 2,000 na alistahili. Binamu yangu ndiye aliyependekeza hilo sharti. Si mimi.