Ku Isiyotaka Kutoka

Zoezi la kujaza nafasi ni bubu. Linampa mwanafunzi sentensi na kitenzi, "Juma ali____ wali (-la)", na kumtaka akumbuke kwamba jibu ni alikula, si alila. Mistari miwili chini, mambo yanageuka: "Asha aki____ atashiba." Hapo jibu ni akila, na ku imetoweka. Nasahihisha mazoezi haya ya darasa la wageni ili nilipie masomo yangu ya umahiri, na kila muhula naulizwa: kwa nini? Kitabu kinajibu kwa jedwali la kukariri.

Sababu iko sikioni. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema "alila", mkazo unaangukia -li-, na -li- haiwezi kuubeba. Wala -na-, -ta- na -me- haziwezi. Basi ku inabaki ili ibebe mzigo: aliKUla, ataKUnywa, ameKUfa. Lakini -ki- na -ka- zina mabega: aKIla, aKAnywa. Kiambishi cha mtendwa nacho kinabeba, ndiyo maana chui aliMla mbuzi. Wanafunzi wangu nawaambia waseme neno kwa sauti na kugonga meza palipo na mkazo, kabla ya kushika kalamu.

Tena ku hiyo haikupachikwa baadaye. Ile -ta- ni masalio ya kitenzi taka: "ataka kula" ilifupika ikawa "atakula", na kula ikabaki nzima.

Kanuni hii inanitosha mpaka ninapofika kwenye -ja-. Muhula huu sentensi ilikuwa "Mtoto haja____ (-la)". Ufunguo wa majibu unasema hajala, nao una haki: -ja- inabeba mkazo, haJAla. Binti mmoja, aliyezaliwa ughaibuni na mama wa Morogoro, aliandika hajakula. Pembeni akaongeza kwa penseli: "Nyumbani tunasema hivi."

Nyumbani kwetu pia. Mama yangu akipiga simu usiku huuliza, "Hujakula bado?" na sijawahi kumsikia akisema hujala. Maumbo yote mawili yanaishi. La pili limefuata mkumbo wa anakula na atakula, na mkazo wake umekaa vizuri vilevile. Shida ni kwamba nafasi iliyoachwa wazi inapokea jibu moja tu. Kwa mgeni, kosa hapo ni alama moja. Kwa binti huyu ni kuambiwa kwamba mama yake hajui Kiswahili.

Nilimpa alama yake na kuandika hajala kando, bila mkwaju mwekundu. Msimamizi wa kozi alinirudishia karatasi, akitaka nifuate ufunguo. Nimemwandikia ukurasa mmoja kuhusu -ja-. Bado hajajibu, na karatasi ya binti ingali mezani kwangu.