Keti Alipoketi Mwenzako

Jumamosi moja, katika darasa letu la kuchora, tuliweka dele la kahawa lisilo kifuniko katikati ya mkeka, tukawaketisha watoto kulizunguka. Tulichagua dele, wala si ndege, ili suala la kuchora viumbe lisituingilie somo. Walipomaliza tulibandika karatasi ukutani, tukawaambia kila mtu aseme aonalo. Hapo ndipo tulipokosea. Kijana mmoja alisema dele la mwenzake ni baya, halina hata mkono, na wenziwe wakaangua kicheko. Binti mwenye picha, wa miaka 9, aliibandua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mkobani.

Kicheko kile tulikiruhusu sisi. Juma lililofuata tulilirudisha dele pale pale, tukamwomba binti ruhusa ya kuifungua karatasi yake. Alikubali kwa shingo upande. Safari hii tuliweka sharti: asiseme mtu mpaka aketi alipoketi mchoraji, kisha aguse kwa kidole mahali anapopasema.

Yule kijana akaketi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, kutoka hapa mkono hauonekani. Umefichwa na tumbo la dele."

Mwengine akasema picha ni nzuri. Tukamuuliza, nzuri wapi? Maana sifa isiyo na mahali haimfundishi mchoraji cha kukihifadhi. Akagusa mdomo wa dele, pale unapopinda kutoka tumboni. Kijana naye akagusa kitako: binti alikichora kwa mstari ulionyooka, ilhali tundu la juu alilichora mfano wa yai, na dele likaonekana kama limekatwa kwa kisu.

Tuliliinua dele hadi tundu likawa sawa na macho ya binti, likageuka mstari. Tukalishusha polepole, na mstari ukafunguka kuwa yai. Kila duara linaposhuka chini ya macho huzidi kufunguka, kwa hiyo kitako, kilicho chini zaidi, hupinda kuliko tundu. Kijana aliuonyesha mpindo huo kwenye kipande kingine cha karatasi. Kazi ya mtu haitiwi penseli na mwengine.

Msichana wa tatu alitaka shingo ipunguzwe. Binti alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima kwa penseli upana wa shingo na wa tumbo, kisha akapima vile vile katika picha yake. "Shingo yangu ni sawa," akasema, nasi tukamwachia. Maoni ya nne hatukuyapokea, kwani mtoto aliyepewa mengi hurekebisha yote nusu nusu.

Akachora upya. Kitako kikapinda, dele likatua juu ya mkeka. Alizibandika karatasi zote mbili ukutani, ile yenye mikunjo chini ya mpya, na kijana ndiye aliyemshikia gundi.