Kujijulisha kwa Mwalimu Mwanafunzi

Mwalimu mwanafunzi apelekwapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, kwa desturi hujijulisha mara mbili: kwanza kwa darasa, siku ya kuanza; kisha kwa mkufunzi ajaye kumtazama. Taabu huja pale ratiba ya shule inapogongana na safari ya mkufunzi, mambo mawili yakawa moja: darasa geni mbele, mkufunzi nyuma, na kijana katikati mwenye kinywa kimoja.

Hayo yalimfika kijana mmoja katika shule ya sekondari ya kutwa huko Tanzania. Alikuwa amezoeana na mkondo mmoja wa kidato cha pili; lakini mkufunzi alipowasili, kipindi pekee cha Kiswahili kilichosalia kilikuwa cha mkondo mwingine, ambao hakupata kuufundisha. Kipindi kilikuwa cha dakika 40, na mada ilikuwa ngeli za nomino. Andalio lake la somo lilitenga dakika 5 kwa utangulizi. Kujijulisha hakukuwa na safu yake katika andalio. Dakika zitakazotumika hapo hapana budi zikopwe mahali, na mara nyingi hukopwa katika zoezi la mwisho, ambalo ndilo hudhihirisha kama wanafunzi wameelewa.

Shida ya kwanza ilikuwa salamu. Darasa husimama na kumwambia mwalimu "Shikamoo", naye hana budi kuitika "Marahaba". Lakini kijana wa miaka 23 ataitikaje kwa sauti kamili, hali mtu wa umri wa baba yake ameketi nyuma na bado hajaamkiwa? Wengi hupotea hapa. Huitika kwa mnong'ono, au huliacha darasa limesimama, wakaenda nyuma kuinama mbele ya mkubwa. Na wanafunzi, ambao ni hodari wa kupima vyeo, hutambua papo hapo kuwa mwenye darasa si yule aliyeshika chaki. Kijana huyu alilipa deni hilo nje ya mlango. Alimwamkia mkufunzi barazani, akamkabidhi andalio, akamwonyesha kiti. Ndani aliitika marahaba bila haya, kisha akasema, "Leo tuna mgeni, mwalimu wangu wa chuoni. Tumwamkie." Darasa likageuka, likaamkia, likarudi mbele. Shingo zilizogeuka mara moja kwa idhini hazikuwa na hamu kubwa ya kugeuka tena kwa wizi.

Baadaye alijitaja mwenyewe. Wasikilizaji wake wawili hawakuhitaji habari moja. Mkufunzi alikuwa na jina lake na namba yake ya usajili katika fomu ya tathmini. Kumtajia chuo, shahada na mwaka wa masomo ni kumsomea barua aliyokwisha kuisoma. Wanafunzi walitaka kujua tumwite nani, tutakuwa naye mpaka lini, na je, ni mwalimu kweli? Akisema "Nimekuja kufanya mazoezi", amesema kweli, ila darasa litasikia kwamba zoezi lenyewe ni wao. Akificha, atakuwa mwongo, na uongo huo hauishi siku mbili shuleni. Alisema hivi: "Mimi ni mwalimu kutoka chuoni. Nitafundisha kipindi hiki badala ya mwalimu wenu, kisha nitarejea katika mkondo wa jirani." Akaandika jina moja ubaoni, lile la kuitwa.

Chini ya jina akaongeza: Kijana ... fika. "Mimi ni kijana," akasema. "Kijana amefika, au kijana kimefika?" Darasa likacheka, mkono mmoja ukainuka: "Kimefika, kwa sababu kimeanza na ki." Hakumcheka aliyejibu, alimnyoshea kitabu, akamwomba aseme kitabu nacho. Kitabu kimefika. Basi wakaona wenyewe kwamba umbo la neno si shahidi wa kutosha: kijana na kitabu huanza sawa, lakini kiumbe chenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA. Msichana mmoja wa dawati la tatu akauliza, "Na kiboko?" Hilo halikuwamo katika andalio. Kijana akajibu kuwa inategemea kimetoka mtoni au ofisini: yule wa mtoni amefika, kile cha ofisini kimefika. Kwa kicheko hicho hata mgeni wa nyuma alisahauliwa.

Utangulizi ulichukua dakika 8, na maswali ya zoezi yakapunguzwa kutoka matano hadi matatu. Walipoketi chini ya mti baada ya kipindi, mkufunzi hakugusa habari ya salamu. Aliuliza ni maswali gani mawili yaliyoachwa. Yalikuwa yale ya wingi, vijana na vitabu, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujua kama yule aliyesema "kimefika" angeandika vijana wamefika au vimefika. Kijana alichukua kalamu, akaandika hivyo katika nafasi ya tathmini, na kumwombea mwenye mkondo maswali hayo mawili yawe ya kwanza kesho yake.