100 ya nini?

Wasee, kuna karatasi moja ya grafu nimeiweka tangu fomu tatu. Imekunjwa, ina doa la chai, na nyuma yake kuna maandishi ya kalamu nyekundu. Wakati naipata nilikasirika mbaya. Leo siwezi kuitupa.

Ilikuwa praktiko ya fizikia, ile ya pendulamu. Unafunga kajiwe kwa uzi, unakaacha kabembee, unapima muda wa mabembeo 20 ya kwenda na kurudi, halafu unagawanya kwa 20 upate muda wa bembeo moja. Huo ndio T. Unaanza na uzi wa sentimita 20, unaenda 40, 60, 80 mpaka 100. Kisha unachora T² upande wa kusimama na urefu wa uzi upande wa chini. Ukifanya poa, unapata laini iliyonyooka.

Yangu ilinyooka kweli. Nilitumia penseli kali na rula mpya, nukta zikakaa safi. Nikachukua nukta mbili za mbali kwenye laini: kwa 20 nilikuwa na 0.80, kwa 100 nilikuwa na 4.02. Tofauti ya juu ni 3.22, ya chini ni 80. Mteremko ukawa 0.04025. Tulikuwa tumepewa fomula, g = 4π² ÷ mteremko. Nikabonyeza kikokotoo, nikapata 981. Nikaandika “981 m/s²” na nikapigia mistari miwili chini. Nikakabidhi nikijua hapo nimewamaliza.

Karatasi ikarudi. Sikuona msalaba wowote kwenye laini. Madam alikuwa ameandika hivi:

“Laini yako ni nzuri. Sasa niambie: 100 ya nini? 4 ya nini? Na mtu akiokota karatasi hii njiani, atajua ulikuwa unapima kitu gani? Usifute chochote. Andika yanayokosekana, halafu uangalie g yako tena.”

Mimi nikaona ananionea tu. Si yeye ndiye alitupa hiyo praktiko? Si anajua tulikuwa tunapima nini?

Nikamgeukia deskimeti wangu. Grafu yake ilikuwa kama pacha wa yangu, laini ileile, mlalo uleule. Lakini yeye alikuwa amepata 9.81. Tukaziweka kando kwa kando, tukatafuta kosa kwa nukta, hatukuliona. Tofauti ilikuwa kwa maneno: chini ya laini yake aliandika “urefu (m)”, na namba zake zilitoka 0.2 mpaka 1.0. Yangu zilitoka 20 mpaka 100, bila neno.

Hapo ndipo nikaandika “urefu (cm)” na “T² (s²)”. Mara hiyo mteremko wangu ukapata jina: 0.04025 s²/cm. Ukigawanya 4π² kwa hiyo, jibu linatoka kwa cm/s². Na 981 cm/s² ni sawa kabisa na 9.81 m/s². Kumbe hesabu yangu haikuwa na shida. Nilichokosea ni kuibia namba ya sentimita nguo za mita, na kwa sababu mihimili ilikuwa uchi, hakuna kitu kingenishtua. Ile “s²” nayo ina kazi yake: inamwambia msomaji nilichora T² na si T. Ukichora T peke yake, unapata laini iliyopinda.

Kichwa nikaandika: “Grafu ya T² dhidi ya urefu wa uzi wa pendulamu”. Madam akaweka tiki ndogo, basi.

Miaka miwili baadaye, shosho yangu, ambaye ana sukari, aliletewa mashine mpya ya kupimia na anti anayeishi Amerika. Asubuhi ya kwanza ikasoma 126. Kitabuni mwake, kwa miezi, tulikuwa tumeandika 7, 6.5, 8, namba kavu tu. Mamangu akaanza kutafuta teksi ya kwenda hospitali. Shosho mwenyewe akanyamaza, anaangalia kidole chake.

Nikakumbuka “100 ya nini?” Nikaangalia skrini vizuri. Chini kwenye kona, kwa herufi ndogo, iliandikwa mg/dL. Mashine ya zamani ilikuwa inasoma mmol/L. Kwa sukari ya damu, unagawanya mg/dL kwa 18 ndio upate mmol/L. 126 gawanya kwa 18 ni 7. Shosho alikuwa palepale alipokuwa jana.

Tulizima simu ya teksi. Halafu nikachukua kile kitabu, nikachora mstari chini ya namba za zamani, na juu ya kila safu nikaandika yuniti yake. Shosho akaniuliza, “Unaandika nini huko juu, mjukuu wangu?”

Nikamwambia ni deni la madam.