Mistari Ikutanapo

Nukta za grafu hutolewa na vyombo, lakini mstari upitao kati yake huchorwa na mtu. Kwa hiyo katika mstari ndimo busara ya mchoraji, au pupa yake, huonekana.

Mwanafunzi mmoja alipewa alkali, sodiamu haidroksaidi, asiyojua ukolezi wake. Alitia sentimita za ujazo 50 za alkali hiyo katika kikombe cha plastiki chepesi kisichopoteza joto upesi. Kisha akaongeza kwa bureti asidi haidrokloriki yenye moli 2.0 kwa lita, sentimita 2 kila mara, akikoroga na kusoma themometa. Hakutumia rangi ya kuonyesha kikomo. Asidi na alkali zikutanapo huzaa joto. Alkali ikiisha, joto jipya halizaliwi tena, na asidi izidiyo huupoza mchanganyiko. Basi kikomo kimo katika pembe ambapo mpando hugeuka kuwa mteremko.

Joto lilianza nyuzi 25.0. Kila alipoongeza asidi lilipanda: 26.0, 27.0, 27.9, 28.7, 29.5, hata kufika 30.2 asidi ilipotimia sentimita 12. Katika 14 lilikuwa 30.4, katika 16 likawa 30.2, katika 18 likawa 29.7, katika 20 likawa 29.8, na katika 22 likawa 29.6.

Ujazo wa asidi aliuweka katika mhimili wa mlalo, kwa kuwa ndio alioutawala kwa mkono wake. Joto, lililokuwa jibu, akaliweka katika mhimili wima. Kando ya kila mhimili aliandika jina la kitu kilichopimwa pamoja na kipimo chake, maana tarakimu isiyo na kipimo haisemi neno. Kwa skeli, sentimita 1 ya karatasi ilisimama badala ya sentimita 1 ya asidi, na sentimita 2 za karatasi badala ya nyuzi 1 ya joto. Mhimili wima aliuanzisha katika 24, si katika 0. Kama angeanza na sifuri, mpando wote wa nyuzi tano na kitu ungebanwa katika kipande kidogo juu ya karatasi, na pembe aliyoitafuta ingefifia. Skeli ya tatu tatu aliiepuka, kwa kuwa vijisanduku vya karatasi havigawanyiki kwa tatu bila kubahatisha.

Nukta alizitia kwa misalaba midogo ya penseli iliyochongwa. Hapo ndipo penye mtego. Mtu mwenye haraka huunga nukta kwa nukta, akaona kilele katika 14, akasema kikomo ni hapo. Lakini 14 ni mahali mkono ulipositisha asidi tu. Kati ya 12 na 14 hakuna kipimo kilichosomwa. Njia ya haki ni kuchora mistari miwili iliyonyoka, mmoja wa mpando na mmoja wa mteremko, kila mmoja ukiacha nukta juu na chini yake kwa usawa, kisha kuirefusha hata ikutane.

Mstari wa mpando ulikuwa na siri. Alipouweka rula kati ya nukta zote saba za kwanza, mistari ilikutana katika 12.4. Lakini alipotazama vema aliona nukta za mwanzo na za mwisho zote ziko chini ya rula, na za katikati ziko juu. Huo si utovu wa bahati, ni mpindo wa kweli: kila asidi inapoongezwa maji huwa mengi zaidi, na joto lile lile hugawanywa kwa wengi. Kwa hiyo alitumia nukta za 8, 10 na 12, zilizo karibu na pembe, na mistari ikakutana katika 12.8.

Nukta ya 18 ilianguka chini ya mstari wa mteremko kwa sehemu tatu za kumi za nyuzi. Hakuifuta wala hakuupinda mstari kuifuata. Aliizungushia duara, akaandika kando yake kuwa imeachwa katika kuchora, ili msomaji apate kuamua mwenyewe. Na dawa yake halisi ni kupima upya.

Hesabu ilikuwa fupi: 12.8 mara 2.0, ikigawanywa kwa 50, ni moli 0.512 kwa lita. Kilele cha 14 kingempa 0.56, tofauti ya karibu sehemu moja ya kumi, na yote kwa kosa la rula. Lakini mistari hukutana kwa pembe pana, na kuhama kidogo kwa mmoja huisogeza pembe sehemu kadhaa za kumi. Kwa hiyo katika daftari aliandika 0.51, akaiacha tarakimu ya tatu.