Tangazo la Duka na Jina la Soweto

Mji wetu wa Mbeya una mtaa uitwao Soweto, wenye soko lake. Na Afrika ya Kusini, ndani ya Johannesburg, iko Soweto nyingine, kubwa kuliko hii mara nyingi. Kufanana huko kwa majina kulimgharimu binti wa ndugu yangu shilingi 30,000 katika mwezi wa Shaabani.

Binti huyo ana duka la kanzu, kofia na mabaibui. Alilipa shilingi 5,000 kwa siku, kwa muda wa siku 6, ili tangazo lake lionyeshwe katika Facebook. Palipotakiwa mahali aliandika Soweto, akachagua jina la kwanza lililotokea. Wengi walilipenda tangazo lile, lakini dukani hakuja mtu kwa ajili yake, na walioandika waliuliza bei kwa randi. Tulipoifungua taarifa ya tangazo na kuigawa kwa mikoa, tulikuta jina moja tu: Gauteng.

Basi tukaanza upya. Hatukuandika jina lo lote. Tulifungua ramani, tukaweka alama juu ya duka lenyewe kwa kitufe cha `Drop pin`, tukaizungushia duara la kilomita 4 kila upande. Mwanjelwa imo ndani, na Uyole imebaki nje. Yafaa ifahamike kuwa duara hukusanya wakaao humo pamoja na waliokuwamo karibuni. Na kwa kuwa barabara kuu iendayo Tunduma hupita mjini, wasafiri nao huingia katika hesabu.

Katika umri tuliweka miaka 25 hadi 50, kwani hao ndio wanunuao nguo za nyumba nzima. Lakini penye mpango uitwao `Advantage+ audience`, umri huo na mapendeleo huwa pendekezo tu, na tangazo laweza kuwafikia wengine. Mahali ndipo pabakiapo kuwa sharti. Kwa hiyo mwenye duka dogo aanze kusahihisha mahali kabla ya yote.

Tukafika kwenye mapendeleo. Binti alitaka kuchagua Waislamu, asiione nafasi hiyo. Kwani tangu Januari 2022 wenye Facebook waliondoa uchaguzi wa watu kwa mambo ya dini. Tulipojaribu kuweka mavazi, makisio ya watu yalipungua mno, kwa kuwa duara lilikuwa dogo tayari. Tukaacha pale wazi. Picha ya kanzu na maneno ya nguo za Idi yalitosha kumwita anayehusika, na asiyehusika akapita zake.

Kila mteja aliyeingia aliulizwa amesikia wapi habari za duka, na jibu likaandikwa daftarini. Katika siku 6 za pili, kwa shilingi 30,000 zile zile, watu 9 walitaja tangazo, nao wote walikuja kwa miguu au kwa bajaji kutoka mitaa ya jirani.