Ukifuta Jina, Kinabaki Nini?

Binamu yangu ni msanifu majengo. Juzi alinitumia wasifu wake niuhariri kabla hajaingia kwenye shindano la usanifu. Nafasi ilikuwa maneno 150 tu. Alianza kwa kusema anaamini katika "uendelevu, ubunifu na jamii", halafu akaorodhesha majengo matano. Nikampigia.

"Dada, nikifuta jina lako hapa nikaweka la mtu mwingine, kuna kitakachoharibika?"

Akacheka. "Haya kaka, nifanyeje?"

Nikamkumbusha Beda Amuli na Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, la miaka ya 1970. Mtu anaweza kuandika kwamba Amuli aliunganisha usasa na Uafrika, na msomaji asione chochote. Sasa tazama paa lenyewe. Ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, midomo juu. Inawapa wauzaji kivuli, pembeni kuko wazi hewa ipite, na maji ya mvua yanakingwa na kupelekwa kwenye matangi ya chini. Hapo una shida, uamuzi na matokeo. Huhitaji kutaja falsafa, msomaji ameshaiona.

Basi tukabakiza majengo mawili kati ya matano. La kwanza ni nyumba aliyoisanifu kwetu Kanazi, Bukoba. Alikuwa ameandika "makazi ya kisasa yenye asili ya Kihaya". Nikamuuliza, asili iko wapi, mbona nyumba ni ya pembe nne na bati? Akanyamaza kidogo, kisha akasema mvua ya kwetu ikipiga bati, watu wawili chumbani hawasikilizani. Msonge wa zamani, wenye nyasi nene kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, ulikuwa kimya. Kwa hiyo aliweka dari ya matete chini ya bati, akaacha nafasi katikati. Hakuchukua umbo la msonge. Alichukua kazi yake. Nikamwambia, andika hivyo hivyo.

La pili lilikuwa madarasa. Hapo tulibishana. Aliandika "nilisanifu", kumbe alikuwa mdogo kwenye timu na alichora madirisha tu. Tukaandika "nikiwa katika timu, nilichora madirisha". Sentensi ilipungua ukubwa, lakini jopo likimuuliza kuhusu msingi au paa, hatababaika.

Jambo la mwisho: mashindano mengi huficha majina, jopo lihukumu michoro na si mtu. Wasifu huwekwa kwenye faili lake, na jina likionekana kwenye michoro, hata kwenye jina la faili, kazi inaweza kuondolewa.

Wasifu wake sasa unaanza hivi: "Nyumba yangu ya kwanza ilijengwa Kanazi, ambako mvua huzima mazungumzo. Nilianza na swali la namna watu watakavyosikilizana ndani."

Jaribu kubadilisha jina hapo.